Mguu Juu ya Kiti Mbele ya Wakwe

Kidonda changu cha kwanza kilianza kama mkwaruzo mdogo sana. Nilikuwa nashona sare za kwaya ya akina mama hapa Mantapala, kambi ya wakimbizi upande wa Zambia, kwenye kibanda chetu karibu na soko la kambi, na ukingo wa kanyagio la cherehani ukaniparua mguu wa kushoto, upande wa ndani, pale mfupa wa kifundo unapochomoza. Damu ilitoka kidogo. Nikaifuta kwa kipande cha kitambaa nikaendelea kushona, maana Jumapili ilikuwa karibu na akina mama wa kwaya hawana subira.

Mtu mwingine angesahau mkwaruzo ule kabla sare hazijaisha. Mimi nina damu ya SS. Kwetu Kongo wanaiita anemi, huku Zambia wanasema sikoseli, na wanaoandika Kiswahili cha vitabuni wanasema selimundu. Nimeishi nayo tangu nizaliwe. Huko Pweto, upande wa Kongo wa ziwa la mpakani, majirani walimwambia mama yangu asijisumbue kuninunulia madaftari, kwa sababu mtoto wa aina yangu hamalizi shule. Nilimaliza. Wakasema sitaolewa. Niliolewa. Wakasema sitazaa, na mwanangu wa kiume sasa anaimba kuliko redio. Kwa hiyo nilijua maumivu ya mifupa, nilijua macho ya njano na kuongezewa damu, nilijua pia namna ya kumtazama mtu anayenihesabia siku mpaka yeye mwenyewe aangalie pembeni. Habari za vifundo vya miguu hakuna aliyewahi kuniambia.

Ule mkwaruzo ukawa shimo. Ngozi iliyouzunguka ikawa nyeusi na ngumu kama ngozi ya ngoma, na katikati pakawa na unyevu wa manjano usiokauka. Maumivu yake hayafanani na maumivu ya kujikata. Yalichoma yakiwa yamekaa mahali pamoja, kama kaa la moto lililoshonewa ndani ya pindo. Halafu ikaja harufu. Nitaisema, kwa sababu wengi wetu tunaificha: kidonda kilinuka. Nilinunua manukato sokoni, na mchanganyiko ukawa mbaya zaidi.

Kila jirani alikuwa na dawa yake. Mmoja alileta unga wa mizizi iliyochomwa. Mwingine alifungua kidonge cha antibiotiki akataka kunimwagia unga wake juu. Mwingine alisema spiriti, iwake, ndiyo dalili kwamba inafanya kazi. Nilijaribu spiriti mara moja na sikuthubutu tena. Asubuhi moja niliamka mguu umevimba mpaka kiatu kikakataa, nikaenda kwenye kituo cha afya cha kambi.

Muuguzi aliyenipokea alikuwa mama wa Kizambia wa makamo, mzaliwa wa upande wa Kafutuma, si mbali na kambi, mwenye sauti nzito na mikono isiyo na haraka. Alizungumza Kibemba, nami Kibemba nakisikia vizuri. Alipotaka nielewe jambo hasa, aliongeza Kiswahili chake cha kununulia samaki. Hakuziba pua. Aliosha kidonda kwa maji ya chumvi, akaweka vidole viwili juu ya unyayo wangu kutafuta mapigo ya damu, kwanza mguu mmoja kisha mwingine, akatulia hapo kama mtu anayesikiliza mlangoni kwa jirani.

"Mapigo yapo," alisema. "Vizuri. Naweza kukufunga bandeji ya kubana. Yasingekuwepo, nisingethubutu."

Nikamuuliza lile lililokuwa likinila moyo. "Kwa nini hakiponi? Mume wangu alijikata na shoka, akapona kabla muhogo haujakauka. Mimi mkwaruzo tu."

Alinitazama, akatazama vidole vyangu vyenye alama za sindano. "Wewe ni fundi cherehani?"

"Ndiyo."

"Basi kidonda kupona ni kushona. Mwili unahitaji uzi ufike. Uzi wako ni damu. Chembe za damu za watu wengine ni laini, zinapita popote. Zako zikikosa hewa zinapinda kama mundu na kuwa ngumu, zinakwama kwenye vimishipa vyembamba. Halafu zinakufa mapema, ndiyo maana damu yako ni pungufu siku zote. Zikipasuka, kilicho ndani yake kinamwagika na kuifanya mishipa ijikaze. Njia inazidi kuwa nyembamba."

"Lakini kwa nini hapa? Kwa nini si kwenye mkono?"

Aligonga kifundo changu kizima kwa ukucha. "Gusa. Kuna nyama hapa? Ni ngozi na mfupa. Damu inayofika hapa ni kidogo, na ikishafika inatakiwa kupanda mlima kurudi kwenye moyo. Wewe unakaa mchana kutwa miguu ikining'inia. Maji yanabaki chini, mguu unavimba, na nyama iliyovimba hailishwi vizuri. Unataka kushona nguo iliyolowa, na uzi wenyewe hautoshi."

Nikauliza itachukua muda gani. Alisema yeye hatanidanganya. Vidonda vya namna hii huchukua miezi, vingine hupita mwaka, vingine hufunga na kufunguka tena. Kisha akasema neno nililolichukua nikaenda nalo nyumbani: kuchelewa kwake hakuna maana kwamba nimefanya kosa, wala kwamba kuna mtu amenifanyia kitu.

Masharti yake yalikuwa mengi. Nisafishe kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, yenye chumvi kidogo. Nisikimwagie unga wowote, wala spiriti. Kitambaa cha juu kisishike kwenye nyama, ili nikikitoa nisibandue ngozi changa. Bandeji ianzie karibu na vidole na kupanda mpaka chini ya goti, ifungwe asubuhi kabla mguu haujavimba, na vidole vikifa ganzi au kubadilika rangi niilegeze mara moja. Ngozi ya pembeni ipakwe mafuta isipasuke. Ninywe maji, nile maharage, samaki na sombe, yaani kisamvu, nisiache vidonge vyangu vya foliki. Antibiotiki atanipa siku ile tu kwa sababu pembeni palikuwa pekundu na pa moto, si kila wiki kama peremende. Na mguu uinuliwe, juu kuliko moyo nikilala, juu ya kiti nikikaa.

"Kila ukikaa," alisema, akiniita mama kwa Kibemba. "Kila ukikaa, mayo, si ukikumbuka."

Yote niliyaweza. Hilo la mwisho ndilo lililoleta vita.

Kwanza ilikuwa cherehani. Mguu ulio juu ya kiti haukanyagi kanyagio. Wenzangu wawili wa kibandani walinishauri kwa upole nipumzike mpaka nipone, na katika upole wao nilisikia pia kwamba harufu iliwachosha wateja. Nikawaambia sitapumzika mpaka nipone, kwa sababu huenda nikapumzika mpaka nizeeke. Nilibebwa kwenye baiskeli ya mizigo, kichwa cha cherehani mapajani, mpaka mjini Nchelenge, kwa mchomelea vyuma mmoja karibu na soko la samaki, nikamwomba aniwekee mkono wa kuzungushia kwenye gurudumu. Alicheka. Alisema mashine za mkono ni za bibi zetu. Nikamwambia bibi yangu alishona vizuri. Akaniwekea. Tangu siku ile mkono wa kulia unazungusha, wa kushoto unaongoza kitambaa, na mguu umekaa juu ya kiti kama mgeni wa heshima. Nashona polepole kuliko zamani. Mishono yangu imenyooka zaidi.

Muuguzi alipoona alifurahi, ila akaniambia kifundo nisikiache kigande. Nikunje na kukunjua unyayo mara kwa mara, kwa sababu msuli wa shavu la mguu unaposukuma, damu inapanda. Basi nikawa nakanyaga hewa. Watoto wa soko walidhani nacheza ngoma ya kwangu peke yangu.

Halafu mama mkwe akavuka ziwa.

Alitoka Pweto kwa boti ya wafanyabiashara wa samaki, akashukia Mununga, upande wetu wa ziwa, akafika kwetu saa za mchana akiwa na mfuko wa muhogo uliolowekwa. Alinikuta uani nimekaa, mguu juu ya kiti, na mume wangu anaingia na dumu la maji begani. Kwa mila yetu, mke humsalimia mama mkwe kwa kupiga magoti, huficha miguu chini ya kitenge, na nyayo zake hazimwelekei mkwe kabisa. Niliinuka, nikajaribu kupiga magoti, kifundo kikakataa kukunjika, nikasalimia nimeinama kama mti ulioelemewa. Aliitikia. Macho yake yalibaki kwenye kiti.

Simsemi vibaya. Alimzaa mume wangu vitani, akakimbia naye porini akiwa mgongoni, na alitaka kumwona mwanawe amekaa na mke anayempikia bukari, ugali wetu. Alikuta mwanaume anachota maji. Siku za kwanza alitazama tu. Kisha akatoa kwenye mfuko wake unga mweusi uliofungwa kwenye karatasi.

"Mutoto wangu," alisema, "kidonda yenye haifunge, kuko mutu anaifungulia. Weka hii dawa. Minaitafuta mbali."

"Aksanti, mama. Lakini siiweke."

"Unaikatala kwa sababu inatoka kwangu?"

"Hapana, mama. Hata mama yangu mwenyewe angeileta, singeiweka. Unga inafunga uchafu ndani. Damu yangu haifike muzuri pale chini, njo maana haipone mbio. Hakuna mutu anaifungulia."

Alifunga karatasi yake polepole. Sikuwahi kumkatalia kitu kabla ya hapo, wala sikuwa nimeona mke yeyote wa kwetu akimfanyia mama mkwe hivyo. Karatasi ikarudi mfukoni.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, aliita kikao. Alikuja baba mkubwa wa mume wangu, anayekaa sehemu nyingine ya kambi, mzee wa kanisa, mtu anayeheshimiwa na watu wa pande zote mbili za ziwa. Viti vikapangwa kivulini ukutani. Mimi nilitakiwa kukaa kwenye mkeka, miguu imekunjwa. Nilikuwa nimesimama ibada nzima, na ndani ya bandeji mguu ulikuwa unapwita. Nilisimama mlangoni nikiutazama ule mkeka. Nilijua kwamba nikikaa pale saa moja nitaonekana mke mwema, na nitalipa kwa nyama yangu. Nikavuta kiti, nikakaa. Nikavuta kiti cha pili, nikaweka mguu juu yake.

Wote wakautazama. Kuku alipita, naye akaonekana kushangaa.

"Ondosha muguu pale," alisema baba mkubwa, bila ukali.

"Baba, munisamehe. Muguu haitashuka."

"Mbele yangu?"

"Mbele yenu na mbele ya pasta. Hata leo kanisani ningeipandisha kama ningepata kiti. Minawaheshimu, baba. Heshima yangu iko kwa kinywa na kwa roho. Haiko kwa muguu. Muguu ni mugonjwa."

Mama mkwe aligeukia ukuta. "Munasikia? Njo vile anasema kila siku."

Baba mkubwa alimtazama mume wangu, ambaye ni mtu wa maneno machache, mtu wa kubeba magunia ya chisense, dagaa wa ziwani, na kurudi. Nilidhani ataangalia chini. Alisema, "Baba, kile kiti cha pili ni mimi njo nilikinunua. Juu ya ule muguu. Kama kuko kosa, ni yangu pia."

Yule mzee alikitazama kile kiti. Kisha akafanya jambo ambalo nikilikumbuka bado nacheka. Aliinuka, akashika kiti chake, akakigeuza ubavu, akaketi akilitazama shamba la muhogo. Kwa namna ile nyayo zangu hazikumwelekea tena, na hakuna aliyelazimika kuvunja mila wala kushusha mguu. Akaendelea na kikao akiongea na muhogo.

"Eleza," aliuambia muhogo. "Huu ugonjwa ni nini?"

Nikaeleza. Nilirudia maneno ya muuguzi kuhusu uzi usiofika, chembe zinazopinda na mlima ambao damu inapanda kurudi. Niliwaambia kwamba huu ugonjwa niliurithi kutoka kwa baba na mama wote wawili, ambao hawakuumwa, na kwamba hakuna aliyenitupia. Niliwaambia kwamba kufunga, kusafisha na kuinua ndiyo kazi yangu ya kila siku kama kulima, na kwamba kazi hiyo nitaifanya hata nikirudishwa kwetu. Hapo mama mkwe aligeuka, kwa sababu kurudishwa ndiko alikotaka kikao kifike, na mimi nilikuwa nimelitaja neno hilo kabla yake.

"Na ikikatala kupona?" aliuliza.

"Nitaifunga tu, mama. Kila asubuhi. Kidonda inaweza kuchelewa. Mimi minaweza kuchelewa nayo."

Baba mkubwa aliuambia muhogo kwamba yeye haoni mke wa kurudisha hapa. Anaona mgonjwa mwenye kichwa kigumu, na kichwa kigumu hakimo katika sababu za talaka. Akaomba chai.

Mama mkwe hakukubali. Sitapamba. Hakuniomba radhi, nami sikumwomba. Lakini aliendelea kukaa, na aliniona kila asubuhi nikifungua bandeji, akaona siku nilipouma kitenge ili nisipige kelele, na siku niliporudi kutoka hospitali kubwa kando ya ziwa, walikonipiga picha kuona kama kidonda kimeingia mfupani, wakakuta mfupa u salama. Baada ya muda nilianza kukuta sufuria ya maji imechemshwa na kufunikwa kabla sijaamka. Nilidhani ni mume wangu. Kumbe yeye alikuwa ameondoka kwenda Mununga. Hatukuzungumza habari ya ile sufuria. Mama mkwe alipovuka kurudi Pweto, alimwambia mwanawe, mimi nikisikia, kwamba mkewe ana kinywa. Kwa sauti aliyoitumia, sikujua kama ni lawama.

Kidonda kilichukua mvua nzima na kiangazi kizima. Kilisogea kwa unene wa uzi. Mara kikarudi nyuma, nilipopata malaria na damu ikashuka sana. Nililia siku ile, kisha nikachemsha maji. Kingo zake zikaanza kuwa na rangi ya waridi, katikati pakapanda nyama nyekundu safi, na mvua zilipoanza tena muuguzi alifungua kitambaa akaita wenzake waje waone. Palikuwa na ngozi. Nyembamba, inayong'aa kama karatasi ya peremende, lakini ngozi.

"Usijisifu," alisema huku yeye mwenyewe akitabasamu. "Ngozi hii haina nguvu ya ile ya kwanza."

Basi naishi na vifundo vyangu kama mtu anayelinda shamba. Soksi ndefu hata kwenye joto, na wanaocheka wacheke. Viatu vya kufunika visivyobana. Mafuta ya mgando asubuhi na jioni. Chandarua, na nikiumwa na mdudu sijikuni, napoza kwa kitambaa cha maji. Shambani navaa buti. Ziwani siingii kununua samaki nikiwa nimesimama ndani ya maji. Wauze walioko majini, mimi nasubiri mchangani. Mwaka jana nililazwa kwa maumivu, na kijana mmoja wa zamu akatafuta mshipa mkononi akaukosa, akashuka kwenye mguu na sindano yake. Nilivuta mguu.

"Hapo hapana," nikamwambia. "Mimi ni SS. Tundu la sindano kwenye kifundo linaweza kunikalia mwaka mzima. Rudi mkononi, au mwite mwingine."

Alisimama na sindano hewani. Alimwita mwingine, na mshipa ukapatikana mkononi.

Wiki hii kuna alama kwenye mguu wa kulia, upande wa nje, ndogo kuliko punje ya mtama. Huenda ni mbu, huenda ni kiatu. Sikungoja nione itakuwa nini. Nimeenda kituo cha afya asubuhi ileile, yule muuguzi ameisafisha na kuifunika, na nimetoka hapo na bandeji mpya nikipita katikati ya soko, soksi moja imepanda, nyingine imekunjwa. Mwanamke mmoja muuza nyanya akanipigia kelele kwa Kibemba, "Mayo, tena?"

"Tena," nikamjibu, nikapita kwenda kazini. Kuna sare za shule za kumaliza.